Mashine Husikia Lafudhi Iliyofunzwa

Mwaka 1952, watafiti wa maabara ya Bell nchini Marekani walibuni mashine iliyoitwa Audrey. Ilitambua tarakimu kwa kulinganisha sauti ya msemaji na ruwaza zilizohifadhiwa ndani yake. Ila ole wako ukiwa mgeni! Sharti kwanza irekebishwe ifuate sauti yako.

Baadaye wahandisi waliacha ruwaza ya mtu mmoja, wakashika takwimu. Modeli ya akustika hukata usemi katika vipande vya milisekunde chache, kisha hukadiria kila kipande ni fonimu gani, ikitegemea rekodi za watu ilizofunzwa nazo. Kwa hiyo fonimu ya mashine ni jumla tu ya matamshi iliyowahi kuyasikia.

Hebu tazama /r/ na /l/. Mkenya ambaye lugha yake ya kwanza haitofautishi sauti hizi huenda akatamka sauti ya katikati. Mashine iliyozoea wanaozitenganisha itayumba: ni kura ama kula? Akisema "nimepiga kura", neno jirani litamwokoa. Akitamka "kura" peke yake, basi tena.

Mwaka 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima mifumo mitano. Kwa wastani ilikosea maneno 35 katika kila 100 ya Wamarekani weusi, na 19 ya weupe. Hata pale makundi yote mawili yaliposema maneno yale yale, pengo lilibaki. Tatizo, basi, halikuwa sarufi wala msamiati wa wasemaji, bali masikio ya mashine.