Umilisi wa Lugha na Daraja Zake

Neno litumiwalo na mabingwa wa isimu kutaja kadiri ya uwezo wa mtu katika lugha ni umilisi, nalo halina budi kutengwa na umahiri, neno ambalo aghalabu hushika nafasi yake katika nyaraka za kuombea kazi. Maana mahiri ni sifa, na si sawa kumwita mahiri mtu awezaye kusalimu na kuuliza bei tu, ilhali umilisi hukubali kupimwa tangu uhaba wake hata utimilifu. Vipimo vilivyoenea ni vya Baraza la Ulaya vya mwaka 2001, daraja sita kutoka A1 hata C2, ambazo kila moja hutaja matendo ayawezayo mtu, wala si miaka aliyokaa darasani.

Tuseme kijana wa Muyinga, karibu na mpaka wa Kobero, anaomba kazi ya ukarani Gitega, naye katika wasifu wake ameorodhesha Kirundi, Kifaransa, Kiswahili, Kiingereza, Kihangaza na Kiarabu, zote kwa maneno "vizuri sana". Kirundi ni lugha mama, na kutaja hivyo kwatosha. Kifaransa alisomeshwa: barua ya ofisi huifahamu, lakini mazungumzo ya haraka humshinda, basi kusoma ni B2, kuzungumza ni B1. Kiswahili alikipata sokoni na kwa madereva wa malori ya Tanzania, akajadiliana nao bila taabu, B2, lakini kuandika ripoti hajazoea, na hapo hapiti A2. Daraja moja kwa lugha nzima ingepotosha kotekote, kwani B2 ingemhadaa mwajiri atakaye maandishi, na A2 ingemdhulumu kijana mwenyewe.

Kihangaza, lugha ya Ngara ng'ambo ya mpaka, ni ndugu wa Kirundi hata msemaji wa lugha moja huifahamu ya pili pasipo kufunzwa. Kwa hiyo kisiandikwe, isipokuwa kazi yenyewe ni ya kuhudumia watu wa huko na yeye hukisema, si kukisikia tu. Kiarabu hukisoma ndani ya Kurani kwa tajwidi safi pasipo kufahamu maana. Hiyo ni elimu yenye heshima yake, na mahali pake ni penye masomo ya dini. Kiingereza, ambacho sheria ya mwaka 2014 ilikifanya lugha rasmi Burundi, kibaki kwa A2, maadamu mwajiri aweza kukiulizia.

Asiyeamini daraja aliyojipa na aandike nusu ukurasa juu ya mzigo uliochelewa mpakani, bila kamusi wala maandalizi, kisha ampe mwalimu wa lugha hiyo ausahihishe. Akisahihishwa viunganishi na tahajia, daraja yasimama, lakini mwalimu akilazimika kuuliza kilichokusudiwa, ishushwe. Kwa kupima hivyo lugha moja moja, wasifu wa kijana wetu wabaki na lugha nne badala ya sita, na mwajiri wa Gitega ajua tangu siku ya kwanza kwamba simu za Kiswahili aweza kumkabidhi, ila ripoti za Kiswahili ampe karani mwingine.