Ahadi ni deni: historia ya “shall” katika mikataba

Mwingereza wa leo akiagiza chai au akimuaga rafiki yake, ni nadra kumsikia akitamka “shall”, ila labda anapouliza kama waondoke. Lakini mpe mkataba wa kupanga duka na utalikuta neno hilo karibu katika kila kifungu. Limefikaje huko, na kwa nini barua pepe za kazi bado zinawagombanisha watu juu ya “shall”, “will” na “should”?

Zaidi ya miaka 1000 iliyopita, Kiingereza cha kale kilikuwa na kitenzi “sceal”, maana yake “nadaiwa”. Katika tafsiri ya zama hizo ya Injili ya Luka, wakili anapowauliza wadeni wa bwana wake wanadaiwa kiasi gani, kitenzi kilichotumika ni hicho. Kijerumani kina ndugu yake hadi leo, “Schuld”, yaani deni na pia hatia. “Will” ina ukoo mwingine kabisa: ilitokana na “willan”, kutaka. Kwa hiyo wa “shall” alikuwa anadaiwa, na wa “will” alikuwa anataka. “Should” ni “shall” ya wakati uliopita, deni lililopoa hadi likawa ushauri au matarajio.

Baadaye maneno yote mawili yakaanza kutumika kutaja wakati ujao, na mipaka ikachanganyika. Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati wa Oksfodi, alichapa sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini ili kuwasaidia wageni. Humo aliandika kwamba kwa nafsi ya kwanza “shall” hutabiri tu na “will” huahidi au kutishia, ila kwa nafsi nyingine mambo hugeuka. Wanafunzi walikaririshwa kanuni hiyo kwa karne kadhaa, ingawa wasemaji wengi hawakuifuata.

Wanasheria waliishikilia “shall” kwa maana yake ya kale ya wajibu. Kosa lao lilikuwa kuitumia kila mahali: kwa wajibu, kwa sharti, kwa tafsiri ya neno, hata kwa jambo litakalojitokea lenyewe. Neno lililobeba kila kitu likaanza kupwaya. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Gutierrez de Martinez dhidi ya Lamagno, ilikiri kwamba “shall” wakati mwingine humaanisha ruhusa tu. Mwaka 2007 kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho nchini humo ziliandikwa upya, na “shall” ikaondolewa. Penye wajibu pakawekwa “must”.

Tanzania ilikwenda njia nyingine. Kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria kinasema kwamba “shall” inapotumika kumpa mtu jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Lakini kifungu hicho kinazungumzia sheria zilizotungwa. Barua pepe yako haimo.

Tuchukulie muuza saruji amemwandikia mjenzi: “We should deliver 200 bags by Friday.” Mjenzi, aliyefundishwa shuleni kwamba “should” ni “kupaswa”, anasoma kwamba muuzaji amejifunga. Anaita vibarua Ijumaa asubuhi. Muuzaji alimaanisha tu kwamba anatarajia mzigo utakuwa umefika. Lori lisipotokea, vibarua wanadai ujira wao, na mjenzi anayetaka fidia ana sentensi ya matumaini mkononi. Angekuwa na “will”, angekuwa na ahadi ya kuonyesha. “Shall” ingeifanya ahadi hiyo iwe wajibu waziwazi, kwa lugha ya mikataba.

Je, tukiandika kwa Kiswahili tunapona? Tazama “-ta-” ya wakati ujao. Wanaisimu wengi huihusisha na kitenzi “taka”, na umbo lake refu hurudi tunaposema “atakayekuja”. Yaani “-ta-” yetu ni ndugu wa “will”, si wa “shall”. Hata hivyo sheria zetu huitumia mahali pa “shall” kila siku, na tangu mwaka 2021, Kiswahili kilipofanywa lugha ya sheria na mahakama Tanzania, jambo hili limekuwa na uzito zaidi. “Muuzaji ataleta mifuko 200” inaweza kusomwa kama wajibu, ahadi au utabiri.

Kama unamaanisha deni, litaje: “Muuzaji anawajibika kuleta mifuko 200 ya saruji kabla ya saa 11 jioni, Ijumaa.” Kama ni matarajio, andika “tunatarajia”. Na ukipokea “should” kutoka kwa muuzaji, usiite vibarua kabla hujamuuliza: unaahidi au unatarajia?