Kupinda na kujikunja

Tunasema nguzo ya chuma “imepinda” hata ikiwa imebaki wima na ni bawa lake tu, lile bapa la ukingoni, lililofanya mawimbi. Hilo naliita kujikunja: bapa jembamba limeshindwa na mgandamizo kabla chuma chenyewe hakijafikia kikomo cha nguvu zake. Bawa linalotokeza milimita 120 kwa unene wa 10 lina uwiano wa 12. Kanuni za Ulaya zinaruhusu 14 kwa chuma cha megapaskali 235, ila takriban 11.4 kwa cha 355. Mbona chenye nguvu zaidi ndicho kinabanwa? Ukakamavu wa vyuma vyote viwili ni uleule. Kilichoongezeka ni mzigo tunaokidai. Kweli, bado kitabeba zaidi, lakini si kwa nguvu zake zote. Anayebadili daraja la chuma akague unene upya.