Saa ya babu na mstari wa juu wa Mac

Wadau, nimerudi salama kutoka Manyara. Nilianzia Katesh, chini ya mlima Hanang, kisha nikapanda Mbulu kuzungumza na wazee. Habari za wazee zitakuja. Leo nina habari ya saa, maana saa ilinitia aibu.

Mzee mmoja wa Mbulu aliniambia, "Mjukuu wangu, njoo kesho saa nne." Nikaitikia, "Nitafika, babu." Kwa haraka nikaandika 4 kwenye kalenda ya Mac, nayo ikaichukua kuwa saa kumi jioni. Nilipofika, babu alikuwa ameningoja tangu asubuhi. "Shikamoo babu." "Marahaba. Saa yako ya wapi?"

Swali hilo nimelibeba mpaka Dar. Mbona kompyuta hii inaniachia kuchagua rangi ya vitufe, lakini si namna ya kuhesabu saa?

Turudi nyuma kidogo. Mac OS X ya kwanza ilitoka Machi 2001, na rangi zilikuwa mbili tu: bluu, na Graphite ya kijivu kwa wale, hasa wasanifu, waliosumbuliwa na vitufe vya rangi. Dock ilikaa chini tu. Toleo la 10.1, Septemba mwaka huohuo, liliiruhusu kwenda kushoto au kulia. Kwenda juu haijaruhusiwa hadi leo. Rangi nazo zilingoja hadi Mojave, 2018, ndipo zikawa nane.

Katikati hapo watu hawakukaa kimya. Programu ya ShapeShifter ya Unsanity ilibadili sura nzima kwa kujipenyeza ndani ya programu nyingine zikiwa zinafanya kazi. Leopard ilipotoka Oktoba 2007, ShapeShifter haikuvuka. Mwaka 2015 ikaja El Capitan na System Integrity Protection, kinga inayozuia hata mwenye mamlaka yote ya kompyuta kugusa mafaili na programu za mfumo. Tangu hapo, zana ya ziada iliyo salama ni ile inayoongeza kitu chake pembeni, si ile inayopasua cha Apple.

Sasa saa yenyewe. Ukifungua Clock Options ndani ya System Settings utaweza kuonyesha sekunde, siku, tarehe, au kugeuza saa iwe ya mishale. Huwezi kuiondoa kabisa, na tangu Big Sur ya 2020 huwezi kuihamisha kutoka pembe ya kulia. Saa ya Kiswahili haimo.

Nilijaribu ujanja. Saa yetu iko nyuma ya saa ya kizungu kwa saa sita, kwa hiyo nikazima kutambua eneo kwa otomatiki, nikachagua Buenos Aires, ambayo iko nyuma yetu kwa saa sita kamili. Saa tatu asubuhi ikasomeka 3:00. Nikafurahi! Kesho yake niliamka saa kumi na moja alfajiri kuandika. Faili likasomeka 11:00 PM ya jana. Yaani kompyuta ilikuwa ikianza siku mpya saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo si siku ya kizungu inayoanza usiku wa manane, wala si ya wazee wa pwani inayoanza jua likizama. Kwa mwandishi wa habari, tarehe ya uongo ni balaa.

Nikarudisha eneo la Dar es Salaam, nikaweka SwiftBar. Hii ni programu ya bure inayoonyesha juu ya skrini jibu la amri fupi uliyoandika mwenyewe. Ukiifungua mara ya kwanza inakuuliza folda ya kuwekea amri. Ndani yake weka faili liitwalo `saa.1m.sh`. Hiyo `1m` maana yake lisomwe upya kila dakika:

```
#!/bin/sh
TZ="Etc/GMT+3" date "+%I:%M"
```

Usishtuke kuona alama ya kujumlisha. Katika majina ya Etc ishara zimegeuzwa, kwa hiyo +3 ni saa tatu nyuma ya Greenwich. Sisi tuko saa tatu mbele, jumla sita. Ukiweka -3 utaona saa ya kizungu tu, na hapo utajua umekosea.

Saa ya Apple nimeigeuza ya mishale ili isile nafasi. Na kama Mac yako ina ule mkato wa kamera uliokuja kwenye MacBook Pro za 2021, alama zikizidi nyingine hufichwa bila taarifa. Shika kitufe cha Command, uivute saa yako kulia.

Kalenda bado inahesabu kizungu. Hilo SwiftBar haligusi. Mwezi ujao narudi Mbulu, na ahadi ya babu nimeiandika 10:00 AM.