Moyo Unapodunda kwa Hofu: Kumsaidia Kijana Asiogope Mwili Wake

Tuchukue mfano wa binti wa miaka 16 anayepanda vilima vya Kadutu, hapa Bukavu, akitoka shule. Ghafla moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, vidole vinawasha, kichwa kinazunguka. Anajiambia: "Ninakufa." Kwa dakika kama kumi hofu inapanda, kisha inashuka. Kesho yake anakataa kupanda tena. Nyumbani wengine wanasema ni pepo, wengine wanasema ni moyo.

Kwanza apimwe na daktari. Upungufu wa damu, pumu, malaria, siko seli na ugonjwa wa moyo vinaweza kuleta dalili zinazofanana. Daktari asipoona ugonjwa, aelezwe kinachotokea mwilini. Hofu inamwaga adrenalini, nayo inaharakisha moyo ili miguu ipate nguvu ya kukimbia. Kupumua haraka kunatoa gesi ya kaboni kupita kiasi, ndipo kizunguzungu na kuwasha kwa vidole huja. Watu wengi wanaogopa kuzimia, lakini mara nyingi katika shambulio kama hilo shinikizo la damu hupanda, na kuzimia ni nadra.

Kinachomfunga zaidi ni kuziogopa dalili zenyewe. Kwa hiyo, akiwa na mtu aliyefundishwa, anazileta kwa makusudi. Anapumua haraka kwa dakika moja, au anakimbia papo hapo kwa dakika moja, au anajizungusha akiwa amesimama, kitu cha kushika kikiwa karibu. Kabla ya kuanza anasema anatazamia nini, kwa mfano "nitazimia", na anapima hofu yake kutoka 0 hadi 10. Baadaye anaulizwa: ulizimia kweli? Siku ya kwanza hofu inaweza kuwa 8. Anarudia zoezi lile lile mara kadhaa, kila siku, mpaka ifike 3 au chini. Ndipo anapanda kilima chenyewe, kwanza na mama, kisha peke yake.

Zoezi linaharibika akilikatiza mara hofu inapopanda, au akishika mkono wa mama na kunywa maji ili "asife". Hapo atajifunza kwamba maji ndiyo yaliyomwokoa. Dalili ya kosa hilo ni hofu isiyoshuka hata baada ya kurudia mara nyingi.

Asifanye mazoezi haya mwenye ugonjwa wa moyo, pumu kali, kifafa, siko seli au mimba, isipokuwa daktari ameruhusu. Na mlio wa risasi ni jambo lingine: hapo hofu inasema kweli, na kukimbilia mahali salama ni sawa.

Akianza kuacha shule, kukosa usingizi kwa majuma au kusema anataka kufa, msingoje. Mpelekeni katika kituo cha afya ya akili cha Sosame, Bukavu. Maombi ya familia yaendelee, lakini yasichukue nafasi ya matibabu.