Mti wa Nani? Wegner, Ryabko, Fenwick na Biti ya Chini

Katika vitabu vingi vya algoriti mti huu una jina moja tu: mti wa Fenwick. Wanaoufundisha husema kwamba Peter Fenwick, wa Chuo Kikuu cha Auckland huko New Zealand, aliuvumbua mwaka 1994 alipochapisha makala yake katika jarida la Software: Practice and Experience. Upande wa pili wapo wanaoshikilia kwamba jina hilo limemdhulumu Boris Ryabko, mwanahisabati wa Novosibirsk, aliyelitatua tatizo lilelile katika makala ya mwaka 1989 na nyingine ya mwaka 1992. Katika mabishano hayo kuna noti fupi ya mwaka 1960 ambayo pande zote mbili huiruka, nayo ndiyo inayoeleza kwa nini mti huu unafanya kazi. Nitaufuata mzozo huu kwa kupitia noti hiyo.

Kwanza tatizo lenyewe. Miaka ya 1980 wataalamu wa kubana data walikuwa wakihangaika na misimbo inayojifunza njiani. Programu husoma herufi moja baada ya nyingine, huhesabu kila herufi imetokea mara ngapi, na hutumia hesabu hiyo kuamua herufi inayofuata ipewe nafasi kiasi gani katika msimbo. Witten, Neal na Cleary waliueneza utaratibu huo mwaka 1987 katika makala yao juu ya usimbaji wa kihesabu. Mzigo wake ulikuwa kwenye jumla limbikizi. Ili kuisimba herufi ya 13, programu lazima ijue jumla ya marudio ya herufi zote zilizotangulia. Ukiziweka jumla hizo tayari kwenye safu, kuzisoma ni rahisi, lakini kila herufi mpya inakulazimu kurekebisha jumla zote zinazofuata. Ukiweka marudio matupu, kurekebisha ni rahisi, lakini kila swali linakulazimu kujumlisha upya. Kwa alfabeti ya alama 256 inayobadilika kila baiti, njia zote mbili zinakula muda.

Ryabko alilishughulikia tatizo hili mapema. Makala ya 1989 ilitoka katika Doklady za Akademia ya Sayansi ya Kisovieti, na ya 1992 katika IEEE Transactions on Information Theory. Shabaha yake ilikuwa msimbo unaojifunza ambao kazi yake kwa kila herufi ni ndogo hata alfabeti ikiwa kubwa. Wanaomtetea wana sababu nzuri ya kuwa na uchungu, kwa maana haikuwa mara yake ya kwanza kutangulia bila kutambuliwa. Mwaka 1980 alichapisha kwa Kirusi mbinu aliyoiita rafu ya vitabu, ambapo herufi iliyotumika sasa hivi hupandishwa juu ya orodha. Mwaka 1986 Bentley, Sleator, Tarjan na Wei walichapisha mbinu ya namna hiyo huko Marekani, na mwaka 1987 Ryabko ilimbidi aandike kwenye Communications of the ACM kukumbusha kwamba aliwatangulia. Mtu aliyepitia hayo mara moja anastahili kusikilizwa anapotajwa tena. Kwa hiyo sikubaliani na wanaoifuta hoja ya Ryabko kwa kusema tu kwamba jina limeshazoeleka. Mazoea hayathibitishi nani aliyetangulia.

Hata hivyo, mzozo wa 1989 na 1994 unauangalia mti na kuisahau injini yake. Injini hiyo ni biti ya chini yenye moja, yaani ile 1 iliyo kulia kabisa namba inapoandikwa kwa msingi wa mbili. Namba 12 ni 1100, kwa hiyo biti yake ya chini ina thamani ya 4. Namba 13 ni 1101, na biti yake ya chini ni 1. Namba 8 ni 1000, na biti yake ya chini ni 8 yenyewe.

Mei 1960 Peter Wegner alichapisha katika Communications of the ACM noti juu ya kuhesabu moja zilizomo ndani ya namba. Kabla ya hapo, njia ya wazi ilikuwa kukagua kila biti kwa zamu, hata zile zenye sifuri. Wegner alionyesha kwamba ukitoa 1 kutoka kwa namba, kisha ukaiunganisha na namba ya awali kwa AND, biti ya chini yenye moja inafutika na nyingine zote zinabaki. Rudia mpaka ufike sifuri, na idadi ya hatua ndiyo idadi ya moja. Kwa 13 unapata 12, kisha 8, kisha 0: hatua tatu, moja tatu. Derrick Lehmer naye aliifikia njia hiyo peke yake, ikachapishwa mwaka 1964.

Ushike mfuatano huo, 13, 12, 8, 0, kwa sababu ndio mwendo wenyewe wa kuuliza jumla katika mti wa Fenwick. Mti unahifadhiwa kwenye safu moja tu, tuiite T, isiyo na viungo vya mzazi na mtoto. Kanuni yake ni kwamba seli T[i] inabeba jumla ya kipande kinachoishia kwenye nafasi i, na urefu wa kipande hicho ni thamani ya biti ya chini ya i. Basi T[13] inabeba nafasi ya 13 peke yake, T[12] inabeba nafasi nne, kuanzia 9 hadi 12, na T[8] inabeba nane, kuanzia 1 hadi 8. Ukizijumlisha seli hizo tatu umepata jumla ya nafasi 1 hadi 13, bila pengo na bila kurudia nafasi hata moja.

Tuchukue marudio ya herufi kumi na sita kwa mpangilio: 3, 2, 5, 1, 4, 0, 2, 6, 1, 3, 2, 4, 5, 1, 2, 3. T[8] inabeba 23, T[12] inabeba 10, na T[13] inabeba 5. Jumla ya herufi 13 za mwanzo ni 38, nasi tumesoma seli tatu badala ya kumi na tatu. Kwa maneno mengine, kitanzi cha kuuliza ni kitanzi cha Wegner kilichoongezewa tendo moja la kujumlisha. Wegner alizihesabu hatua na kuzitupa namba alizopitia, ilhali mti huu unazitumia namba hizo kama anwani za vipande.

Kurekebisha huenda kinyume. Herufi ya 5 imetokea tena, kwa hiyo kila seli ambayo kipande chake kinaigusa nafasi ya 5 lazima iongezwe 1. Hapa hatuifuti biti ya chini bali tunaijumlisha kwenye namba. Tano ni 101; ongeza 1 upate 6, ambayo ni 110; ongeza 2 upate 8; ongeza 8 upate 16. Seli za kurekebishwa ni T[5], T[6], T[8] na T[16]. Tunapoongeza biti ya chini, moja inabebwa kwenda kushoto na biti ya chini mpya inakuwa kubwa angalau maradufu, ndiyo maana kipande kipya hukimeza kizima kile cha zamani. Nafasi ya 7 inarukwa kwa haki, kwani T[7] inabeba nafasi ya 7 pekee.

Linganisha sasa njia hizo mbili. Kuuliza 13 kunapita 13, 12 na 8. Kurekebisha 5 kunapita 5, 6, 8 na 16. Zinakutana kwenye seli moja tu, ya 8, ambayo sasa imekuwa 24, na jumla ya 13 imekuwa 39 kama inavyopaswa. Ukiuliza 7, utapita 7, 6 na 4, na makutano yatakuwa kwenye 6. Ukiuliza 4 hakuna makutano, kwa kuwa nafasi ya 5 haimo ndani ya nne za mwanzo. Ndivyo ilivyo kwa namba zote: vipande vya swali havipishani, kwa hiyo badiliko lililo ndani ya swali huhesabiwa mara moja tu, na lililo nje halihesabiwi kabisa. Usahihi wote wa mti umo katika makutano hayo.

Mashine huipata biti ya chini kwa tendo moja kwa sababu ya namna inavyoandika namba hasi: hugeuza biti zote kisha huongeza 1. Kwa biti tano, 12 ni 01100 na hasi 12 ni 10100, na AND ya hizo mbili ni 00100, yaani 4. Vitanzi vyote viwili vinaandikwa hivi:

```
while i > 0:
    s += T[i]
    i -= i & -i

while i <= n:
    T[i] += d
    i += i & -i
```

Kwa alama 256, swali halizidi hatua nane na rekebisho halizidi tisa.

Mistari hiyo ina mitego inayofahamika. Nafasi lazima zianze na 1. Ukirekebisha nafasi ya 0, biti yake ya chini ni 0, namba haisogei, na kitanzi hakiishi kamwe. Programu ikining'inia bila ujumbe wa kosa, hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Vilevile d ni tofauti, si thamani mpya. Anayeingiza thamani mpya huona jumla zikivimba kila anaporekebisha nafasi ileile. Na jumla ya nafasi 9 hadi 13 hupatikana kwa kutoa jumla ya 8 kutoka kwa jumla ya 13, kwa hiyo mbinu hiyo inadai tendo linaloweza kutenduliwa. Ukiweka kubwa kuliko zote badala ya jumla, kutoa hakuna maana, na swali la katikati halijibiki kwa njia hii.

Baada ya 1994 mti ulihama kutoka kwenye ubanaji wa data kwenda kwenye mashindano. Katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Informatika ya mwaka 2001 huko Tampere, Finland, swali la simu za mkononi lilitaka jumla za mistatili ndani ya jedwali linalobadilika, na mti huu katika pande mbili ukawa jibu lake maarufu. Wapo wanaousimulia mti mzima kama ujanja wa washindanaji. Simulizi hilo halinishawishi, kwa kuwa linaanza hadithi zaidi ya miaka kumi baada ya Ryabko na miaka arobaini baada ya Wegner.

Hukumu yangu kuhusu jina ni hii. Kwa utangulizi wa kulitatua tatizo, Ryabko atajwe, na atajwe kwa miaka yake miwili. Fenwick abaki na heshima ya makala iliyowafikia waandishi wa programu, kwani wengi waliujua mti kupitia kwake. Lakini mwalimu anayetaka wanafunzi wake waelewe kwa nini mti unajibu sawasawa asianze na mmoja wa hao wawili. Aanze na noti ya 1960, awaache wafute biti za 13 moja baada ya nyingine, kisha awaulize kila namba waliyoipitia ingefaa kuhifadhi nini.