Kilo ya Kukaza na Kilo ya Presha

"Mwalimu, hizi kilo 24 ni za kukaza au za presha?"

Fundi mmoja wa Mkula, wilayani Busega, aliniuliza hivyo akiwa ameweka kidole juu ya rasimu yangu. Nilikuwa natafsiri mwongozo wa pampu ya petroli kwa ajili ya wakulima wanaovuta maji ya Ziwa Victoria kumwagilia bustani. Mwongozo wa asili ulisema boliti nne za silinda hedi zikazwe kwa 24 N·m. Mimi nikaandika "kwa nguvu ya kilo 24", nikidhani namrahisishia msomaji.

Kosa langu lilianzia kwenye neno "nguvu". Katika fizikia ya Kiswahili, kitu kinachosukuma au kuvuta huitwa kani, nayo hupimwa kwa niutoni. Anayekaza boliti hatumii kani peke yake. Mkono uleule, kwa kani ileile, hukaza zaidi ukishika spana ndefu kuliko ukishika fupi. Kwa hiyo kinachopimwa ni kani mara urefu kutoka katikati ya boliti hadi mahali mkono uliposhika, na kizio chake ni niutoni-mita, yaani N·m. Herufi hizo mbili zimeandikwa hata kwenye spana yenye kipimo, basi nimeziacha kama zilivyo. Jina nililochagua ni "kipimo cha kukaza", maana linamwambia fundi kazi ya namba hiyo.

Ili tuione, tulifunga spana kwenye boliti ikalala sawasawa na ardhi, kisha tukapima sentimita 25 kutoka katikati ya boliti. Ndoo yenye lita 10 za maji ikining'inia hapo huvuta kwa karibu niutoni 98. Zidisha kwa robo mita, unapata N·m 24 na nusu, bila kuhesabu uzito wa ndoo yenyewe. Hicho ndicho mwongozo ulichotaka.

Sasa kilo zangu 24. Miongozo mingi ya zamani hupima kukaza kwa kilo-mita, na kilo-mita moja ni karibu N·m 9.8. Fundi aliyezoea miongozo hiyo angesoma kilo 24 akakaza hadi N·m 235, ndoo kumi badala ya moja. Boliti nyembamba ya milimita 8 haifiki huko. Kwanza inakuwa ngumu, halafu ghafla inazunguka kwa wepesi: ama imevutika na iko karibu kukatika, ama imeng'oa nyuzi za tundu la alumini. Namba sahihi kwa kilo ingekuwa 2.4. Ukikaza pungufu nako kuna hasara, kwani gasketi huvujisha moshi pembeni na injini hupoteza nguvu. Boliti hizo hukazwa kwa msalaba, kwanza nusu ya kipimo, kisha kipimo kamili.

Kilo ya presha ni kitu kingine. Presha, au kanieneo kwa lugha ya darasani, ni kani iliyotandazwa juu ya eneo. "Kilo" inayotajwa kwenye geji ni kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba, na inakaribia sana bar 1, ambayo ni psi 14.5. Hapa nimeacha bar na psi kama geji inavyoonyesha, kisha nikaongeza kile mkulima anachoweza kukiona shambani: bar 1 husimamisha maji kimo cha mita 10 hivi. Geji ikisoma bar 2 kwenye mdomo wa pampu, maji hayatapanda hadi kwenye tangi lililo mita 25 juu yake.

Sehemu moja namba ilikuwa sahihi lakini haikutosha. Mwongozo ulisema pampu huvuta maji kutoka kina cha mita 8. Kinachoyapandisha maji kwenye mpira wa kuvutia ni kanieneo ya hewa, na uso wa Ziwa Victoria uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kuvuta kunapungua kwa mita 1.3 hivi. Namba ya mtengenezaji sikuibadili, chini yake nimeandika: "Ukiwa kando ya Ziwa, usiweke pampu zaidi ya mita 6 juu ya maji. Ukisikia mlio kama kokoto ndani ya pampu, ishushe karibu na maji."

Rasimu ya mwisho haina neno "kilo" popote ila kwenye uzito wa pampu. Fundi aliisoma yote, akaichukua spana yake, akaichora alama kwenye sentimita 25.